Nyanya zimenyauka: ni bakteria au fusari? Kata shina uone

Mwaka jana nilimpotosha mama mmoja, jirani yangu hapa Busia upande wa Uganda. Nyanya zake zilikuwa zinalala moja moja. Nikakata shina, nikaona kahawia kwenye mishipa, nikamwambia bila wasiwasi: hii ni fusari, hapo usirudishe nyanya, panda ntula, yaani nyanya chungu. Akapanda. Baada ya wiki kadhaa akanijia asubuhi, mkononi ana mche wa ntula umelegea kama kitambaa kilicholowa. "Mwanangu, si ulisema ugonjwa huu ni wa nyanya tu?"

Fusari ya nyanya ni kuvu, na kweli huzisumbua nyanya tu. Lakini huo ulikuwa mnyauko bakteria, na huyo bakteria hachagui sana: nyanya, ntula, mboga ya nakati, biringanya, pilipili, viazi mviringo, wote anawala. Kahawia niliyoiona huletwa na magonjwa yote mawili. Nilichokosea ni kuishia hapo.

Hatua ya 1: Chagua mche

Tafuta mche ulioanza kunyauka leo au jana, ambao shina lake bado lina maji. Uliokwisha kukauka uache. Chukua mitatu, kila mmoja sehemu yake, na kabla ya kung'oa tazama majani. Mche wa bakteria mara nyingi hulala ukiwa bado kijani, majani machanga ya juu yakitangulia; mchana umelala, usiku unajaribu kuinuka, na baada ya siku chache hauinuki tena. Wa fusari huenda taratibu: majani ya chini huwa manjano kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mche, wakati mwingine nusu moja tu ya jani.

Dalili hizo zinakupa shaka tu, hukumu bado.

Hatua ya 2: Ng'oa na mizizi

Ukiona mizizi imejaa vinundu, una minyoo fundo pia. Endelea tu, maana minyoo huyafungulia mlango magonjwa yote mawili.

Hatua ya 3: Kata shina

Tumia wembe mpya. Watu wengi hapa hukata kwa panga, nami nilifanya hivyo. Panga linaponda shina, na shina lililopondwa halisomeki. Mkato wa kwanza uwe wa kukingama, vidole viwili juu ya udongo.

Utaona duara tatu: ganda la nje, pete nyembamba ya mishipa inayopandisha maji, na katikati moyo wa shina, laini na mweupe au wa kijani hafifu. Kwenye fusari pete ndiyo huwa ya kahawia iliyokolea, pengine yenye wekundu, lakini moyo kwa kawaida hubaki mweupe. Kwenye bakteria pete huanza kwa rangi ya njano au kahawia hafifu yenye majimaji, kisha kahawia huingia hadi kwenye moyo, na mche ulioharibika sana moyo wake huoza ukaacha uwazi. Bana shina taratibu karibu na mkato: vikitoka vitone vya ute mweupe au wa kijivu kwenye pete, karibu umepata jibu.

Kisha panda juu, ukikata kila baada ya kama kiganja kimoja. Kahawia ya fusari mara nyingi huifuata pete hadi juu kabisa, na ukikwanyua kikonyo cha jani utaikuta kwenye kovu lake.

Tatizo ni mche wa bakteria uliokamatwa mapema. Pete ina rangi, moyo bado mzima, na kwa macho unafanana kabisa na fusari. Hapo ndipo nilipoanguka, na ndiyo sababu hatua inayofuata hairukwi hata kama una haraka.

Hatua ya 4: Glasi ya maji

Kata kipande cha shina cha sentimita 5 hadi 7 kutoka sehemu ya chini, kwa wembe uleule, mkato mmoja safi. Jaza maji meupe kwenye glasi. Kikombe cha plastiki cha rangi hakifai, wala chupa iliyokwaruzika. Kishike kipande kwa kibanio cha nguo kilicholazwa juu ya mdomo wa glasi, ncha ya chini iingie majini sentimita moja hivi, isiguse kando. Weka kitu cheusi nyuma ya glasi. Mimi hutumia jalada la daftari. Sasa ondoa mikono.

Kama ni bakteria, ndani ya dakika 3 hadi 5 utaona nyuzi nyembamba nyeupe zikishuka kutoka kwenye pete, kama moshi wa udi uliogeuzwa chini juu. Hazikatiki, zinaendelea kushuka. Fusari haitoi nyuzi hizo.

Mara ya kwanza nilipoteza karibu siku nzima hapa, kwa hiyo nisikilize. Wingu dogo linalotoka mara tu unapotumbukiza kipande ni utomvu wa mkato. Huisha baada ya sekunde chache, usilihesabu. Ukitikisa meza, nyuzi huvunjika na maji yote huwa na ukungu, hapo huna jibu. Shina lililolala usiku ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, huoza, na bakteria wa kuozesha huyachafua maji bila nyuzi. Shina lililokauka halitoi kitu hata kama bakteria ndiye aliyeua mche. Mimi mara hiyo ya kwanza ya glasi nilitumia hilo lililokauka, nikaangalia dakika 2, nikasema "hakuna". Siku hizi nasubiri dakika 15 kabla ya kutamka neno hilo, na narudia kwa miche yote mitatu.

Hatua ya 5: Amua

Nyuzi zikitoka, ni bakteria, moyo uwe mweupe au wa kahawia. Zisipotoka kwa miche mitatu mibichi, pete imekolea hadi juu na moyo ni mweupe, ichukulie kuwa fusari. Mchanganyiko unawezekana, maana shamba moja linaweza kuwa na yote mawili. Mitatu ikipingana, funga mashina mabichi kwa gazeti, umpelekee afisa kilimo siku hiyohiyo.

Tazama pia pakiti ya mbegu. Herufi F inamaanisha aina hiyo inastahimili fusari, angalau baadhi ya koo zake. Kwa bakteria haikusaidii. Mama yule alikuwa amepanda aina ya Rio Grande, yenye herufi F. Hilo peke yake lingenitia shaka.

Hatua ya 6: Shambani

Dawa ya ukungu haiponyi mche wenye bakteria, usinunue. Ng'oa wagonjwa na udongo wa mizizi, wachome, usiwatupe kwenye mfereji. Wembe utupe, jembe lioshe kwa jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9.

Nilirudi kwa mama na glasi, ntula tatu mbichi na mche wa nyanya uliojiotea pembeni. Moyo wa ile nyanya ulikuwa mweupe safi, pete ina njano kidogo tu. Kwa wembe peke yake ningesema fusari tena. Dakika ya 4 nyuzi zikaanza kushuka. Ntula mbili zikatoa, ya tatu ikakataa hadi dakika ya 11. Mama akainama, akaangalia, akaniuliza kama mahindi nayo hukamatwa. Nikamwambia hayakamatwi. Akaniomba glasi ibaki, akaionyeshe jirani wa upande wa pili anayetumia mfereji uleule.