Ujumbe wa Jioni ya Kuamkia Mahojiano: Kwa Mwenye Nyumba Lamu Anayeajiri Akiwa Ng'ambo

Mwaka wa kwanza wa nyumba yetu ya wageni kule Shela nilipoteza mpishi mzuri kwa sababu ya neno moja. Nilikuwa Uingereza, nimechoka baada ya zamu ya usiku, nikamwandikia: "Tukutane kesho saa 10." Kichwani mwangu ilikuwa saa nne asubuhi, ile inayosomeka 10:00 kwenye simu. Yeye alisoma kama mtu yeyote wa Lamu asomavyo, akafika saa kumi alasiri, amevaa vizuri, ameshika bahasha ya vyeti. Shangazi yangu alikwisha funga mlango na kuniambia kwamba dada yule hakutokea. Tulipokuja kujua kosa ni langu, alikuwa amepata kazi kwingine.

Ukiandika "njoo saa 2 usiku" kwa kazi ya mchana, mtu atastuka na kuuliza. Saa kumi haimstui mtu, kwa kuwa ni wakati wa kawaida wa kukutana na watu baada ya jua kupoa. Hatari iko katika saa zenye maana pande zote mbili: 9, 10, 11. Sisi tuliokaa nje miaka mingi hatujui tena lini akili imehama. Siku hizi naandika saa kwa maneno, kisha naweka tarakimu za simu kando: "saa nne asubuhi (10:00)". Siandiki kamwe saa kwa tarakimu peke yake.

Kuna jambo la pili la saa, nalo linakuhusu wewe zaidi ya mwombaji. Kenya haibadilishi saa zake, lakini Uingereza na Ujerumani hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Ukiwa London, Lamu iko mbele yako saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Kama utaingia kwenye mahojiano kwa simu ya video, hesabu upya kila mara. Usitegemee hesabu ya mwezi uliopita.

Sasa anwani. Shela haina nambari za nyumba zinazomsaidia mtu, na alama ya ramani kwenye simu hukuacha katikati ya vichochoro huku kuta zikikuzunguka. Anwani ya Lamu ni njia unayomsimulia mtu: anashukia wapi, anaona nini kwanza, anageuka wapi, na mlango una nini. Anza na kitu ambacho hata mtoto anakijua. Kwa Shela mimi hutumia Msikiti wa Ijumaa, kwa kuwa mnara wake unaonekana tangu majini. Kwa Lamu mjini ningetumia Mkunguni, pale mbele ya ngome, kisha nieleze kama ni upande wa Mkomani au Langoni. Baada ya hapo zisizidi hatua tatu. Kabla ya kutuma, mwombe mtu aliye huko aitembee njia hiyo akisoma maneno yako. Mara moja niliandika "mlango wa kijani", kumbe ulikuwa umepakwa rangi upya miezi miwili nyuma.

Anwani hiyo haikamiliki bila maji. Kutoka Lamu mjini hadi Shela ni kama kilomita 3, na kwa miguu kando ya bahari ni kama robo tatu ya saa. Hiyo ni maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, hasa siku za bamvua, ufuo huliwa na bahari na mtu hufika kwako amelowa hadi magotini, au huchukua boti ambayo hakuipangia nauli. Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Jirani akikwambia kwamba Jumatatu alipita pakavu saa tatu asubuhi, Alhamisi hali ile ile itakuja kama saa mbili u nusu baadaye. Kwa hiyo usinakili ujumbe wa juzi. Muulize nahodha yeyote pale gatini kesho maji yatakuwaje, kisha andika: "Kesho saa hizo maji yatakuwa yamejaa, njoo kwa boti." Sentensi moja hiyo humwokolea mtu aibu ya kuingia mahojiano na nguo zinazochuruzika.

Anayetoka Mokowe anahitaji kujua tu kwamba atavuka kwanza hadi Lamu mjini au moja kwa moja hadi Shela, na mwachie muda wa kungoja boti ijae. Anayetoka Faza au Siyu ni jambo jingine kabisa. Boti za Pate hupita mkondo wa Mkanda, ambao ni wa kina kifupi na hutegemea maji kujaa, kwa hiyo huenda akalazimika kuja siku moja kabla na kulala kwa jamaa. Mtu huyo mwandikie siku mbili au tatu mbele. Ujumbe wa jioni ukimkuta bado yuko Faza, umekwisha chelewa.

Mtu wa mawasiliano ndiye moyo wa ujumbe huu, na hapa wengi wetu tunakosea kwa kujiweka wenyewe. Fikiria unavyoonekana: nambari ya kigeni inayoanza na +44, mtu asiyejulikana, kazi nzuri, njoo kwenye nyumba fulani. Hivyo hivyo ndivyo matapeli wa kazi wanavyoandika. Mwombaji mwerevu atasita, na hasa mwanamke atasita zaidi, naye ana haki. Isitoshe hawezi kukubipu akipotea, wala hana salio la kupiga simu nje ya nchi.

Kwa hiyo mtaje mtu mmoja aliye Lamu, mwenye nambari ya Kenya, anayejulikana mtaani, na ambaye ndiye atakayefungua mlango. Kwangu ni shangazi. Ujumbe hutoka kwenye simu yake, mimi hufuatia na wangu kwenye WhatsApp. Mwombaji akitaka kuhakikisha, anauliza Shela "Bi Fulani ni nani?" na atajibiwa na watu kumi. Hakikisho hilo lina nguvu kuliko picha ya pasipoti yako. Kama mtu wako ni mwanamume na mwombaji ni mwanamke, sema ni nani mwingine atakayekuwepo nyumbani. Andika pia waziwazi kwamba halipi chochote, kwa sababu waombaji wengi wamewahi kudaiwa "ada ya fomu" kwa M-Pesa na kazi isionekane.

Vitu vya kubeba viwe vile tu vitakavyotazamwa siku hiyo. Kwa mpishi mimi naomba vitatu: kitambulisho halisi, cheti cha afya cha washika chakula, ambacho vipimo vyake hurudiwa kila miezi sita, na nambari ya simu ya mtu aliyewahi kumfanyia kazi. Nilikuwa naomba nakala za vyeti vyote tangu shule ya msingi. Siku moja mama mmoja akanieleza kwa upole kwamba alitumia pesa ya mboga kupiga nakala ambazo hakuna aliyezifungua. Sikurudia. Kama cheti cha afya kimepitwa na wakati, mwambie aje nacho hivyo hivyo, atakifanyia upya akipata kazi. Na usimtake akutumie picha ya kitambulisho kwa simu. Shangazi atakitazama na kumrudishia hapo hapo.

Halafu mweleze kitakachotokea. Mpishi anayejua atapikia nani na nini hulala usingizi, na asubuhi unaona mkono wake halisi badala ya woga wake. Huu ndio ujumbe niliotuma mara ya mwisho, kwenye WhatsApp:

"Assalamu alaikum, dada yangu. Ni mimi tuliyezungumza kuhusu kazi ya upishi Shela. Tunakungoja kesho Jumatano, saa tatu asubuhi (9:00). Maji yatakuwa yamejaa, kwa hiyo njoo kwa boti hadi gati ya Shela. Ukishuka, fuata Msikiti wa Ijumaa, ingia kichochoro kilicho nyuma yake, nyumba ya tatu kushoto, mlango wa mbao wenye baraza mbili. Atakupokea shangazi yangu, Bi Fulani, 07XXXXXXXX. Binti yake pia atakuwepo. Njoo na kitambulisho, cheti cha afya na nambari ya mtu uliyemfanyia kazi. Utapika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa watu wanne, vitu vyote vipo jikoni, nazi ni ya kukuna mwenyewe. Yote yatachukua kama saa mbili. Mwishoni nitakuwa kwenye simu ya video dakika ishirini, tutaongea Kiswahili na Kiingereza kidogo cha wageni. Nauli ya boti utarudishiwa kabla hujaondoka. Hulipi chochote. Jibu utapewa Ijumaa jioni, likiwa ndiyo au la. Tafadhali niambie NDIYO au SIWEZI kabla ya Isha."

Ile nazi ya kukuna naitaja kwa makusudi. Kuna wapishi wazuri waliozoea tui la pakiti, na ni afadhali wajue mapema.

Si kila mtu ana bando jioni hiyo, kwa hiyo shangazi hutuma pia ujumbe mfupi wa kawaida:

"Kesho Jumatano saa tatu asubuhi (9:00), Shela, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa. Muulize Bi Fulani 07XXXXXXXX. Njoo na kitambulisho na cheti cha afya. Jibu NDIYO."

Hizo ni herufi 156 pamoja na nafasi, na ujumbe mmoja hubeba 160. Ukizidisha, simu huukata vipande. Ukitia kikaragosi, au ile alama iliyopinda ambayo simu nyingine huiweka zenyewe katika neno kama "ng'ambo", nafasi hushuka hadi herufi 70 na ujumbe wako mmoja huwa mitatu. Andika kwa alama za kawaida tu.

Utume lini? Mimi napenda baada ya Alasiri, maduka yakiwa bado wazi na watu hawajaingia mambo ya jioni. Ukituma usiku wa manane kwa sababu ndio umetoka kazini huko uliko, unamwamsha mtu na kumtia wasiwasi. Siku ya Ijumaa usipange mahojiano yanayogusa Adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani jaribio la kupika lihamishie jioni, karibu na futari, au uliahirishe.

Asipojibu hadi Isha, shangazi hupiga simu mara moja. Mara nyingi salio limeisha tu, na mwombaji hufurahi kupigiwa. Akisema hawezi, anaulizwa siku gani anaweza, hilo likaandikwa. Asubuhi yenyewe ninahakikisha mambo mawili: simu ya shangazi ina chaji na salio, na pesa ya nauli iko mkononi mwake kabla mgeni hajabisha hodi.