Somo: Kumwandikia bingwa wa figo usiku, swali likiwa la kwanza

Ujumbe mwingi tunaowatumia mabingwa huishia na "naomba maoni yako, Daktari." Bingwa akiusoma hajui kama unataka dawa, uhamisho au kuthibitishiwa tu. Hujibu kwa maswali, na nusu saa inapotea mgonjwa akiwa hapo hapo. Tufanye kisa kimoja cha mfano.

Mwanamume wa miaka 46 yuko wodini katika hospitali ya mkoa isiyo na mashine ya dialisisi. Aliharisha na kutapika siku tatu, huku akimeza diklofenaki. Figo zimefeli na potasiamu iko juu.

Hatua ya 1: Jiulize jibu litabadilisha nini. Hapa ndipo penye kazi, na ifanye kabla hujashika simu. "Figo zimefeli, tufanyeje?" si swali. Unachotaka kuamua ni hiki: nimpandishe kwenye gari la wagonjwa usiku huu, au abaki hadi asubuhi? Insulini haitoi potasiamu mwilini, inaisukuma tu ndani ya seli kwa saa 4 hadi 6 hivi. Mgonjwa asiyekojoa hana pa kuitolea. Ndiyo maana swali hili halingoji asubuhi.

Hatua ya 2: Andika swali juu, maelezo chini.

> Shikamoo Daktari. HARAKA, naomba jibu kabla ya saa 5:15 usiku. Mimi ni daktari wa zamu, wodi ya wanaume.
>
> SWALI: Mgonjwa wa kitanda 12, figo zimefeli ghafla, potasiamu 6.6 baada ya matibabu, hakojoi. Je, aanze dialisisi usiku huu, nimlete kwenu sasa, au kuna la kufanya hapa hadi asubuhi?
>
> Miaka 46. Kuharisha siku 3, diklofenaki. Kreatinini 980. Mkojo ml 60 kwa saa 12, ana mpira wa mkojo, amepewa maji lita 3. Sasa mapafu yana maji, oksijeni 91% bila msaada, 96% akiwa kwenye oksijeni. Presha 150/90. Altrasaundi: figo za ukubwa wa kawaida, hakuna kuziba.
>
> Saa 2:10 usiku: potasiamu 7.1, kipimo cha umeme wa moyo kina mawimbi ya T marefu na QRS pana. Saa 2:25: kalsiamu glukoneti 10% ml 10, insulini yuniti 10 na glukosi 50% ml 50. QRS imerudi kawaida. Saa 4:30: potasiamu 6.6.
>
> Nimesimamisha maji na diklofenaki. Maoni yangu: aje usiku huu. Nakupigia sasa.

Hatua ya 3: Bakiza kinachobadilisha jibu tu. Altrasaundi imo kwa sababu kungekuwa na kuziba, mtu wa kuombwa angekuwa mpasuaji wa njia ya mkojo. Mapafu yamo kwa sababu yanafunga mlango wa kuongeza maji. Malaria hasi haimo. Jina la mgonjwa pia halimo.

Saa nazo ziandikwe na "usiku" au "asubuhi" kila panapoweza kuchanganya. Faili linasema 20:10 na wewe unasema saa 2. Bingwa akidhani dawa ilitolewa saa 2 asubuhi, hesabu yake yote imeharibika.

Hatua ya 4: Sema maoni yako, kisha piga simu. Ukisema "aje", bingwa ana kitu cha kukubali au kukataa. Ujumbe ni wa kumwekea namba mbele ya macho wakati mnaongea.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kumpangia bingwa muda wa kujibu si kumkosea adabu?*
Shikamoo ipo pale juu, na muda ni wa mgonjwa. Bingwa anayepokea simu nyingi anahitaji kujua ipi haingoji.

*Je, kama damu iliharibika kwenye chupa na potasiamu ni ya uongo?*
Inatokea, hasa damu ikivutwa kwa nguvu au ikichelewa maabara. Rudia kipimo, lakini kama umeme wa moyo umebadilika usisubiri majibu ndipo utoe kalsiamu. Kwa mgonjwa wetu QRS pana ilitosha.

*Nina maswali mawili, kuhusu dialisisi na kuhusu dozi ya antibayotiki. Niyaweke yote?*
La antibayotiki lisubiri. Ukiyachanganya, atajibu lililo jepesi.

*Bingwa hajajibu na simu haipokelewi.*
Ikifika saa uliyoandika, piga kwa daktari wa zamu wa hospitali ya rufaa na umtumie ujumbe huo huo bila kuubadilisha. Kalsiamu hulinda moyo kwa dakika 30 hadi 60 tu, kwa hiyo huku unapiga, mgonjwa awe kwenye monita. QRS ikipanuka tena, rudia dozi. Andika kwenye faili saa ya kila simu na nani alipokea.