Barua kwa jirani aliyevuka mpaka: anza na futi kamba

Kabla hujaandika barua ya madai, mwite mpima ardhi aliyesajiliwa afukue bikoni, yaani alama za mpaka zilizochimbiwa ardhini. Barua nyingi nilizosoma zinasema tu "umeingia kwenye eneo langu", na jirani anajibu kwa mstari mmoja: hapana, hapa ni kwangu. Mmeishia hapo.

Linganisha na hii: "Kati ya bikoni mbili za upande wa mashariki, ukuta wa banda lako umeingia kiwanjani kwangu sentimita 70, kwa urefu wa mita 12. Naambatisha ripoti ya mpima na nakala ya ramani ya hati." Hapo hana pa kukwepea, labda naye alete mpima wake.

Kisha taja unachotaka, yaani asimamishe ujenzi leo na aondoe ukuta ndani ya siku 21. Kama bado yuko kwenye msingi, usingoje, maana akishaezeka ugomvi unakuwa mkubwa. Usiandike juu "bila kuathiri haki". Maneno hayo ni ya barua ya suluhu, na yanaweza kukuzuia kuitumia kama ushahidi.

Mpelekee ukiwa na mjumbe, asaini nakala yako. Akikataa, mjumbe aandike hivyo, na tarehe. Muda ukiisha, kwa Tanzania unaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Likishindwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukuta usiubomoe mwenyewe, hata kama umekukera vipi.