Kabla hujamtumia mtu bei ya safari ya Tsavo, kwanza tenga hesabu zako

Mwaka wangu wa kwanza nilipiga bei ya watu saba, siku ya safari wakaja wanne, nikarudi Mombasa na elfu mbili mfukoni baada ya siku mbili za vumbi. Gari halikuharibika, wageni walifurahi, shida ilikuwa hesabu yangu tu. Sa hivi mtu akinipigia anataka Tsavo Mashariki siku mbili, kulala usiku mmoja, simjibu bei papo hapo ata akiwa na haraka vipi.

Kitu cha kwanza natenga gharama za kichwa, yaani zile ambazo mtu asipokuja, nawe hulipi: geti, kitanda na chakula cha lodji, maji na lanchi ya njiani. Tuseme kwa mfano tu jumla ni 14,000. Hapa uliza mapema nani ni raia, nani mkazi, nani mgeni kutoka nje, manake geti la KWS lina bei tofauti kwa kila mmoja na malipo yanapita eCitizen, sasa ukifika Bachuma na mtu hana kitambulisho ndo mnaanza kubishana getini. Uliza pia wanalala vipi. Watu watano maana yake kuna mmoja hana wa kushea naye chumba, na lodji itamtoza zaidi, hiyo ziada ni yake si ya kundi.

Alafu kuna gharama za gari, hizi hazijali mko wangapi. Tuseme tena kwa mfano, vani siku mbili 20,000, mafuta 13,000, gari kuingia mbugani 1,000, dereva kulala na kula 4,000, alawansi yake 3,000, na 1,000 ya pancha na mambo madogo madogo. Jumla 42,000. Kwenye mafuta wengi huteleza, wanahesabu Mombasa mpaka Voi, kama kilomita 150 na ushee, wanazidisha mara mbili basi, wanasahau kuwa mule mbugani mwazunguka asubuhi na jioni kwa gia ndogo na injini inanguruma mkimtazama simba amelala, na kabla ya hapo kuna foleni ya Changamwe na malori mpaka Mariakani.

Sasa hiyo 42,000 ukiigawa kwa saba kila mtu abeba 6,000, kwa wanne abeba 10,500. Hapo ndo nilipoumia. Nilichukua 14,000 nikaongeza 6,000 ikawa 20,000, nikataka faida ya asilimia 20 nikauza 25,000. (Angalia, sikuzidisha 20,000 kwa 1.2, hiyo ingekuwa 24,000 na faida yake haifiki asilimia 17 ya bei. Ukitaka 20 ya bei wagawanya kwa 0.8. Na kama kuna wakala wa hoteli anataka komisheni ya asilimia 10 ya bei, wagawanya kwa 0.7, usimlipe kutoka kwa faida yako.) Wangekuja saba ningepata 35,000. Wanne walilipa 100,000, gharama ilikuwa 98,000. Wakiwa watatu ningetoa 9,000 yangu.

Na kuna mtego mwingine watu hawauoni, mtu wa nane. Vani yenyewe ni ya abiria saba, kila mtu na dirisha lake, kwa hivyo shemeji yao akijiunga dakika ya mwisho we wachekelea umepata kichwa kingine kumbe umepata gari la pili, gharama za gari zimekuwa 84,000 na kwa bei ile ile ya 25,000 faida yashuka kutoka 35,000 hadi 4,000. Mtu huyo bora umwambie gari limejaa, au usubiri wafike kumi na moja kumi na mbili hivi.

Siku hizi napiga bei ya watu watano ata kama wameahidi saba: 14,000 na 8,400 ni 22,400, gawa kwa 0.8 yaja 28,000. Kwa bei hiyo nikibaki na watatu sipati wala sipotezi, wanne napata 14,000, saba 56,000, na wa nane akilazimisha bado nabaki na 28,000. Kwenye meseji naandika wazi kabisa bei ni ya watu watano kwenda juu, wakipungua naigawa upya, na dipoziti inaingia kabla sijalipa lodji, manake lodji ikishakaribia tarehe hairudishi pesa, kwa hivyo sehemu ya lodji kwenye ile 14,000 ya mtu aliyeghairi nayo ishageuka kuwa deni lako.

Watoto nao, mzazi ataomba nusu bei. Geti na lodji zinampunguzia mtoto, sawa, mpe punguzo hilo lote, ila kiti ni kiti, ile 8,400 alipe kama mtu mzima.