Jinsi ya kuandika upya barua ya malipo ya mwisho ili kila shilingi ionekane

Nilipewa barua ya duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru niirekebishe. Ilikuwa ya mtunza stoo anayeondoka, na mambo ya pesa yote yalikuwa kwenye mstari mmoja: "Malipo yako baada ya makato, kabla ya kodi, ni Sh 10,740." Nitaitumia kama mfano. Mshahara ni Sh 31,200 kwa mwezi, kazi Jumatatu hadi Jumamosi.

1. Kusanya karatasi

Mkataba, fomu za likizo, rejista ya mahudhurio, vocha za advansi. Hesabu ifanye kwenye Excel, usiipige kwa kikokotoo ukainakili kwenye barua. Mtu akibadilisha siku moja, jumla hubaki ya zamani.

2. Siku za likizo

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia, kwa hiyo usiharakishe.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi kwa mwaka. Akiondoka katikati ya mwaka wa likizo, baada ya miezi miwili au zaidi, anapata siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilika. Mwaka wa likizo wa huyu ulianza 1 Machi 2025 na siku yake ya mwisho ilikuwa 15 Agosti. Hiyo ni miezi mitano kamili, yaani siku 8.75. Nusu ya Agosti haihesabiwi, ila kama mkataba wenu ni mkarimu zaidi.

Sasa toa alizokwisha kuchukua. Fomu ilionyesha Ijumaa 13 Juni hadi Jumatatu 16 Juni, na ofisi ikaandika siku nne. Ni tatu! Jumapili si siku yake ya kazi, kwa hiyo haiwezi kuliwa kwenye likizo. Sikukuu za taifa pia ziruke. Mimi huhesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Kutoa tarehe kwa tarehe ndiko kunakoingiza Jumapili kimyakimya. Salio ni siku 5.75.

Kisha bei ya siku. Ofisi iligawanya mshahara kwa 30 ikapata Sh 1,040. Lakini siku tulizohesabu ni za kazi, na za kazi kwa mtu wa siku sita kwa wiki ni kama 26 kwa mwezi. Ukihesabu siku za kazi halafu ukagawanya kwa siku za kalenda, unampunja bila hata kukusudia. Wa siku tano kwa wiki mimi humgawanyia 22. Kama mkataba umetaja kigawanyo, fuata huo.

```
=31200/26*5.75
```

Inatoka Sh 6,900. Barua ya kwanza ilikuwa imempa siku 4.75 kwa Sh 1,040, yaani Sh 4,940.

3. Notisi: nani anamdai nani?

Alitoa notisi ya mwezi mmoja 31 Julai. Tarehe 15 Agosti bosi akamwambia asirudi tena. Barua ikanyamaza kuhusu notisi kwa sababu "ameacha kazi mwenyewe". La. Mwajiri akisamehe notisi aliyopewa, analipa kipindi kilichobaki, isipokuwa wamekubaliana vingine. Angeondoka yeye bila notisi, yeye ndiye angedaiwa.

Agosti 2025 ilikuwa na siku 26 za kazi. Alifanya 13: Sh 15,600. Zilizobaki 13 ni notisi: Sh 15,600. Ziandike kwa mistari miwili, usizichanganye.

4. Makato

Advansi ya Sh 5,000 ina vocha aliyosaini, ikae. Mifuko sita ya saruji iliyopungua, Sh 4,800, niliifuta. Sheria inaruhusu kumkata mtu kwa mali iliyopotea pale alipofanya makusudi, na hapa kulikuwa na stoo yenye funguo tatu na hesabu isiyolingana, basi. Makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya malipo.

PAYE, NSSF na mengine ya kisheria, kila moja mstari wake. Pesa ya likizo nayo hutozwa kodi.

5. Andika

```
Mshahara 1–15 Agosti (siku 13 x 1,200)    15,600
Notisi iliyobaki (siku 13 x 1,200)        15,600
Likizo (8.75 - 3 = 5.75 x 1,200)           6,900
Jumla                                     38,100
Advansi (vocha ya 21 Julai)               -5,000
Kabla ya makato ya kisheria               33,100
```

Mabano ya hesabu yaache humo humo. Bosi atataka uyatoe barua ionekane safi. Kataa, ndiyo yanayomwezesha mtu kukagua mwenyewe.

6. Saini

Nakala mbili. Chini andika "Nimepokea barua hii", usiandike "sina dai lolote" kabla pesa haijaingia. Cheti cha utumishi mpe pamoja nayo. Ni haki yake hata kama bado mnabishana kuhusu saruji.