Kuachishwa kazi Tanzania Bara: soma barua, kisha piga hesabu ya stahiki zako

Mwongozo huu unahusu sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Zanzibar ina sheria yake. Namba za vifungu ni za sheria hiyo ya 2004.

Tutamfuata mtunza stoo mmoja wa mfano. Aliajiriwa akiwa Tanga tarehe 1 Februari 2020, akapelekwa kufanya kazi Dodoma. Analipwa kwa mwezi: mshahara wa msingi shilingi 520,000 na posho ya kila mwezi 130,000. Anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Tarehe 20 Juni 2025 mwajiri anampa barua kwamba nafasi yake imefutwa, na ajira inakoma siku hiyo hiyo. Likizo za miaka iliyopita alishazimaliza zote.

Hatua ya 1: Kagua barua kabla ya kugusa hesabu

Kifungu cha 41 kinataka notisi iwe ya maandishi, itaje sababu ya kusitisha ajira, na itaje tarehe ambayo notisi imetolewa. Kuambiwa kwa mdomo getini au kwa simu si notisi.

Sababu ndiyo inayoleta matatizo mengi. Barua inayosema tu "huduma yako haihitajiki tena" haijatoa sababu. Iseme kama ni utovu wa nidhamu, uwezo wa kazi, au mahitaji ya uendeshaji wa biashara, kisha ieleze kilichotokea. Sababu iliyoandikwa ndiyo itakayomfunga mwajiri baadaye, kwa kuwa kwenye shauri ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kuwa usitishaji ulikuwa wa haki.

Kila sababu ina utaratibu wake, na sababu nzuri haifuti utaratibu mbovu. Kwa utovu wa nidhamu, mfanyakazi apewe tuhuma na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kusikilizwa, na aruhusiwe kuwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kwa kupunguza wafanyakazi, kama kwa mtunza stoo wetu, kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, atoe taarifa zinazohusika, na afanye mashauriano kuhusu sababu, njia za kuepuka upunguzaji, na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Kama mara ya kwanza kuisikia habari ni kwenye barua ya kuondoka, mashauriano hayakufanyika.

Hatua ya 2: Pata muda wa notisi

Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, notisi ni angalau siku 7. Baada ya hapo, anayelipwa kwa siku au kwa wiki anastahili siku 4, na anayelipwa kwa mwezi siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ila uwe sawa kwa pande zote mbili: mwajiri hawezi kukudai miezi mitatu ukiacha kazi huku yeye akikupa mmoja.

Notisi haitolewi ukiwa likizo, wala siku zake haziendi sambamba na siku za likizo. Ukiona barua inasema "utatumia likizo yako kama notisi", hapo umenyimwa kimoja kati ya viwili, na unaweza kukidai.

Mwajiri anaruhusiwa kulipa badala ya kukupa siku za notisi. Wewe nawe ukigoma kufanya kazi katika siku hizo, anaweza kukata malipo yake kwenye stahiki zako.

Hatua ya 3: Tafuta kiwango cha siku moja

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Jedwali la Kwanza la sheria linasema: gawanya mshahara wa mwezi kwa zao la 4.333 na idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Kwa siku 6 unapata 25.998, na kwa urahisi tuseme 26. Kwa siku 5 ni karibu 21.67. Usigawanye kwa 30.

Mtunza stoo anahitaji viwango viwili. Mshahara wa msingi: 520,000 ÷ 26 = 20,000 kwa siku. Ujira wote pamoja na posho: 650,000 ÷ 26 = 25,000 kwa siku. Kiinua mgongo na likizo vinatumia cha kwanza. Notisi inatumia cha pili, kwa sababu sheria inataka alipwe kile ambacho angepata kama angefanya kazi.

Hatua ya 4: Jumlisha kipengele kimoja kimoja

*Siku alizofanya kazi.* Kuanzia 1 hadi 20 Juni 2025, Jumatatu hadi Jumamosi, kuna siku 17: 17 × 25,000 = 425,000.

*Notisi.* Siku 28 ni wiki 4, yaani siku 24 za kazi: 24 × 25,000 = 600,000. Waajiri wengi hulipa mshahara mzima wa mwezi, na hilo halimpunji mfanyakazi.

*Likizo ya mzunguko usiokamilika.* Ni mshahara wa msingi wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi. Mzunguko wake ulianza 1 Februari, na hadi 20 Juni ni wiki 20 kamili, siku 120 za kazi. 120 ÷ 13 = 9.23, mara 20,000 ni kama 184,615.

*Kiinua mgongo.* Ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa aliyetimiza miezi 12 mfululizo. Ana miaka 5 kamili, na miezi iliyozidi haihesabiwi: 5 × 7 × 20,000 = 700,000. Mwajiri akigawanya kwa 30, kiasi hiki kinashuka hadi 606,667, na mtu amepoteza 93,333 kimyakimya. Kiinua mgongo hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, wala kwa aliyekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa. Pia si mafao ya NSSF. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakifuti kingine.

Jumla kabla ya makato ya kisheria: 1,909,615.

*Kurudishwa Tanga.* Kwa kuwa aliajiriwa sehemu nyingine, mwajiri amsafirishe na mizigo yake, au agharamie safari hiyo, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi hadi stendi iliyo karibu na alikoajiriwa. Akichelewesha, anadaiwa pia posho ya kujikimu kwa siku za kusubiri. Kama mkataba hautaji mahali pa kuajiriwa, tafuta barua ya ajira au tiketi ya safari ya kwanza.

Hatua ya 5: Chukua cheti cha utumishi, na usisaini ovyo

Cheti hiki ni haki ya kila anayeondoka, hata aliyefukuzwa kwa kosa. Ukipewa fomu ya "sina madai zaidi", linganisha kwanza na hesabu yako. Kama fedha zimepungua, andika juu ya saini kwamba umepokea kiasi fulani na unadai kilichobaki, kisha piga nakala.

Hatua ya 6: Angalia kalenda

Kupinga kuachishwa kazi kunafanyika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu CMA F.1, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipositishwa. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60. Mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo haki, ila malipo yake mengine bado anaweza kuyadai.

Fomu ijazwe, mwajiri apelekewe nakala, na uthibitisho kwamba ameipokea uambatanishwe unapoisajili. Mazungumzo na ofisi ya rasilimali watu hayasimamishi siku 30. Zikipita, unalazimika kuomba kwanza kuongezewa muda kwa CMA F.2 na kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa.