Andika kanuni ya kuacha kabla ya kuuza sahani ya kwanza

Kwenye mipango mingi ya biashara, sehemu ya majaribio husema "tutaanza kidogo kisha tuone". Tuone nini?

Tuseme unataka kupeleka chakula cha mchana madukani Kariakoo. Andika dhana ambayo ikiwa si kweli, mpango wote unaanguka: muuza duka atalipa shilingi 4,000 kwa wali maharage anaoupata kwa 3,000 kwa mama lishe, mradi tu asiondoke dukani. Bidhaa ya kujaribia iwe chakula cha aina moja, hotpoti, simu na miguu yako, kwa maduka 30, wiki mbili. Usikodi jiko bado.

Kipimo ni wastani wa sahani kwa siku katika wiki ya pili, ukihesabu wateja waliorudi tu. Wiki ya kwanza watu hununua kwa udadisi, au kwa kukuonea haya. Na usitoe punguzo, maana utakuwa umejaribu bei nyingine kabisa.

Idadi ya kuendelea au kuacha itoke kwenye hesabu yako. Kila sahani ikibakiza 1,000 baada ya viungo na mkaa, na mpelekaji utakayemwajiri akidai 12,000 kwa siku, sahani 12 ndizo zinazorudisha gharama. Hivyo: zaidi ya 12, endelea. Kati ya 7 na 12, badilisha kitu kimoja tu, labda saa ya kufikisha, urudie mara moja. Chini ya 7, iache dhana hiyo, uwaulize walioacha kununua walikula wapi.

Mpe mwenzako karatasi uliyoandika kanuni hiyo aitunze. Ukishachoka na kupenda wazo lako, 6 huanza kuonekana kama 7.